Umewakumbusha taimshiti na bado wamechelewa? Angalia hapa kabla hujaandika kali zaidi

Kila mwezi ni mimi ndo natuma ule ujumbe wa kukumbusha watu wapeleke taimshiti na fomu za gharama kabla dirisha halijafungwa, na kwa muda mrefu nilikuwa naamini wanaochelewa wanachelewa kwa sababu hawajali, kwa hiyo dawa yangu ilikuwa kuongeza ukali, mwezi huu naandika "mnakumbushwa", mwezi ujao "mnakumbushwa kwa mara ya mwisho", unaofuata naweka herufi kubwa na rangi nyekundu. Haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni siku moja kukaa na orodha ya waliochelewa, jina kwa jina, nikaangalia fomu ya kila mmoja imekwama wapi, na nikakuta wengi wao walikuwa wameshafanya kazi yao au wanaamini kabisa wameshafanya, ni ujumbe wangu uliowaangusha.

Ntakupa ule mwezi wenyewe ulivyokuwa. Tulikuwa watu 38, mwisho ulikuwa Ijumaa tarehe 20, na mimi nilikuwa nimetuma hivi:

"Ndugu wafanyakazi, mnakumbushwa kwa mara nyingine kuwa taimshiti zote ziwasilishwe ifikapo Ijumaa saa 10:00. Atakayechelewa asimlaumu mtu."

Muda ulipoisha nikavuta ripoti, 27 zimefika, 11 hazimo. Zamani ningewaandikia wote 11 ujumbe mmoja wa kuwasema. Safari hii nikaangalia safu ya hali ya fomu: 5 zilikuwa `Draft`, 3 zilikuwa `Pending approval`, 2 ziliingia baadaye siku hiyo hiyo, na 1 tu ndo ilikuwa `Not started`. Hizo ni shida nne tofauti kabisa na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo hatua ya kwanza siku zote ni hiyo, usiulize nani kachelewa, uliza fomu yake imesimama wapi. Majina ya hizo hali yanaweza kuwa tofauti kwenye mfumo wenu, na kama mnatumia karatasi basi hali ni "ipo mezani kwa nani", lakini kufikiri ni kule kule.

Mtu anaapa katuma, wewe huioni

Hii ndo iliyokuwa kubwa, wale 5 wa `Draft`. Mmoja nilimpigia simu akaniambia, "Dada, mi nilituma tangu Jumatano, tena nikiwa kwenye basi." Na hakuwa anadanganya, nilimwomba aje na simu yake tukaifungua pamoja. Kwenye kompyuta vitufe vya `Save` na `Submit` vimekaa pamoja, unaviona vyote. Kwenye simu, `Save` iko juu pale pale unapomaliza kujaza, afu `Submit` iko chini kabisa baada ya ile sehemu ya kuweka tiki kwamba unathibitisha masaa ni ya kweli, mpaka uivute skrini mara mbili tatu ndo unaiona. Yeye alibonyeza `Save`, ikatokea alama ya kijani, akafunga akaweka simu mfukoni. Nani angejua?

Wengine wawili kati ya hao watano walibonyeza `Submit` kabisa, lakini kuna mstari mmoja wa Jumanne waliuacha bila namba ya mradi, mfumo ukakataa na kuweka maandishi madogo mekundu juu ya ukurasa, na wao walikuwa chini ya ukurasa, hawakuyaona. Fomu ikabaki `Draft`.

Jinsi ya kujua kama na kwenu ni hii: ukikuta fomu imejazwa masaa yote au karibu yote na bado ni `Draft`, huyo mtu si mzembe, huyo anadhani kamaliza. Mzembe anakuwa na fomu tupu. Na dawa yake haiko kwenye kusema "tumeni mapema", iko kwenye kumwambia mtu atajuaje kwamba kweli imeenda. Mfumo wetu ukituma unakupa namba ya kumbukumbu, kwa hiyo siku hizi ujumbe wangu una sentensi moja: ukimaliza utaona namba ya kumbukumbu, kama hujaiona fomu bado iko kwako. Hiyo tu. Kama mfumo wenu hautoi namba, waambie neno gani litaonekana pembeni ya fomu ikishatoka. Nyie mnaotumia karatasi au faili la Eksel kwa barua pepe, mjibu kila aliyetuma kwa neno moja "nimepokea", maana asipojibiwa naye hana namna ya kujua kama ilifika.

Na usisubiri dirisha lifungwe ndo uwatafute. Asubuhi ya siku ya mwisho mi navuta ripoti naiweka kwenye shiti, majina safu A, hali ya fomu safu C, afu naandika hii inanipa majina ya waliokwama:

```
=FILTER(A2:A39,C2:C39="Draft")
```

Hao nawaandikia mmoja mmoja: "Habari kaka, nimeona taimshiti yako umejaza yote ila bado haijatumwa, shuka mpaka chini ubonyeze `Submit`." Ukimwandikia hivyo mtu anajua umeangalia ya kwake, na sijawahi kuona mtu aliyekasirika kwa ujumbe wa namna hiyo. Ujumbe wa kwenye grupu unaosema "kuna watu bado hawajatuma" kila mtu anadhani anasemwa mwenzie.

Fomu imetumwa mapema lakini malipo hayajaiona

Wale 3 wa `Pending approval`. Walituma Jumanne na Jumatano, mapema kuliko hata mimi, wote wako chini ya supavaiza mmoja, na supavaiza alikuwa likizo. Kwa hiyo zimelala kwake. Nilikuwa karibu nimewaandikia barua ya kuchelewa watu waliowahi, nilivyogundua niliona aibu.

Chanzo hapa ni kwamba tulikuwa na tarehe moja ya mwisho kwa watu wawili tofauti. Mfanyakazi anaambiwa Ijumaa saa fulani, supavaiza naye anaambiwa Ijumaa saa ile ile, sasa mfanyakazi akituma dakika ya mwisho, ambayo ni haki yake, supavaiza anabaki na dakika sifuri za kusoma na kuidhinisha. Lazima kuwe na nafasi katikati. Sisi tulipanga hivi: mfanyakazi mwisho siku ya kwanza saa kumi jioni, supavaiza mwisho siku ya kazi inayofuata saa sita mchana, na anayeandaa mishahara anaanza kuvuta faili saa nane mchana siku hiyo. Watu wa malipo wanalia kwamba mmewapunguzia muda, ni kweli, lakini wanapokea fomu zilizokamilika badala ya kukimbizana nazo.

Supavaiza pia anahitaji ujumbe wake peke yake, usimchanganye na wa wafanyakazi, maana akisoma "pelekeni taimshiti zenu" anapeleka ya kwake anaona yamekwisha. Wa kwake uwe na idadi: "una fomu 6 zinakusubiri, mwisho wako ni Jumatatu tarehe 23 saa sita mchana." Na siku tano kabla muulize swali moja, utakuwepo siku hiyo? Kama hatakuwepo aweke mtu wa kuidhinisha kwa niaba yake kabla hajaondoka, kwa sababu mifumo mingi inamtaka yeye mwenyewe ndo aingie ampe mwenzie hiyo ruhusa, akishaondoka inabidi umsumbue likizoni au umwombe fundi wa mfumo na hapo umeshapoteza siku.

Watu wawili wametuma siku ile ile ila saa zimepishana

Hii inatuhusu sana sisi tunaosema Kiswahili. Niliandika "saa 10:00" nikimaanisha saa nne asubuhi, nimeikopi tu kutoka kwenye mfumo ulivyoandika. Wale wawili wakasoma kama tunavyosoma wote, saa kumi, yaani jioni. Mmoja alituma 15:20, saa tisa na dakika ishirini alasiri, na kwa hesabu yake amewahi dakika arobaini nzima. Na kwa kweli amewahi! Aliyekosea ni aliyeandika.

Ukiona waliochelewa wamerundikana kwenye masaa kama sita hivi baada ya muda wako wa mwisho, usitafute mbali, wamesoma saa kwa mtindo mwingine. Andika kwa maneno na utaje kipindi cha siku, "saa kumi jioni", na kama mfumo unaonyesha saa kwa namba basi weka vyote pamoja, "saa kumi jioni, kwenye mfumo itaonekana 16:00". Hapo hakuna wa kukosea.

Kuna ndugu zake na hili. "Mwisho ni saa sita usiku tarehe 20", ipi sasa, ule usiku wa kuamkia tarehe 20 au wa kuamkia 21? Mfumo ukiandika `20 00:00` maana yake siku ya tarehe 20 ndo inaanza, kwa hiyo aliyepanga kuifanya jioni ya tarehe 20 ameshachelewa siku nzima. Mi nashauri usiweke mwisho usiku wa manane kabisa, weka saa ambayo ofisini kuna mtu wa kujibu simu. Na ukiandika Jumatatu kwamba mwisho ni "Ijumaa ijayo", nusu wanaelewa ya wiki hii na nusu ya wiki inayofuata, kwa hiyo siku na tarehe viende pamoja kila mara: Ijumaa tarehe 20.

Ni wale wale kila mwezi, na wanatuma dakika ya mwisho au baada yake kidogo

Kabla hujasema ndo tabia zao, angalia zamu zao. Kama kipindi cha masaa kinaishia tarehe 20 na dirisha linafungwa tarehe 20 hiyo hiyo saa kumi jioni, mtu anayeingia zamu saa kumi na mbili jioni anaandika nini? Hajafanya kazi bado. Akiandika masaa ambayo hajafanya anathibitisha kitu ambacho hakijatokea, afu akiugua usiku ule imekuwa uongo na jina lake lipo pale. Kwa hiyo anasubiri amalize zamu, na anaonekana mchelewaji kila mwezi.

Dawa ni moja kati ya mbili. Ya kwanza na ndo nzuri, kipindi kiishe kabla ya siku ya kufunga, kwa mfano masaa yahesabiwe mpaka tarehe 18 na zamu iliyovuka usiku ihesabiwe kwenye tarehe iliyoanzia. Ya pili ni kuruhusu makadirio kwa siku zilizobaki, na tofauti irekebishwe mwezi unaofuata, lakini hii inataka mtu wa kufuatilia marekebisho kweli kweli, na kama hayupo msiianzishe. Ujumbe wa kukumbusha hautatui hili hata ukiuandika vizuri namna gani, na ni vizuri ujue hivyo mapema usije ukamaliza nguvu zako bure.

Hajaanza kabisa

Yule 1 wa `Not started`. Alikuwa amehamia kitengo kingine wiki mbili nyuma na hakuwa kwenye orodha ya barua pepe. Ujumbe haukumfikia, basi. Nilimwonyesha kwenye simu yangu nilichotuma akasema ndo anakiona leo. Kwa hiyo orodha ya majina unayotumia kukumbusha itoke kwenye orodha ya watakaolipwa mwezi huo, sio kwenye orodha ya barua pepe iliyotengenezwa zamani na mtu ambaye hata hayupo.

Sababu nyingine ya watu kutoona ujumbe ni kwamba tumewazoesha kutouona. Mtu katuma tarehe 16, tarehe 17 anaambiwa hujatuma, tarehe 19 tena, tarehe 20 mara mbili. Baada ya miezi mitatu anaufuta bila kufungua, na mwezi ambao kweli amesahau anaufuta pia. Mi sasa natuma kwa wote mara moja tu, siku tano za kazi kabla. Wa pili, siku moja kabla, unaenda kwa ambao bado tu. Wa siku yenyewe ni wa jina kwa jina kama nilivyoonyesha hapo juu.

Fomu za gharama zimerudishwa na muda umeisha

Hizi ni tofauti na taimshiti kwa kitu kimoja, taimshiti ikifika imefika, fomu ya gharama ikifika ndo kwanza inaanza kukaguliwa. Mtu anatuma ndani ya muda, mkaguzi anairudisha, na huo muda wa kurekebisha haupo. Karibu kila iliyorudi niliyoishika mimi ilirudi kwa sababu ya risiti, na hasa mbili.

Moja, mtu ameambatisha kile kikaratasi cha mashine ya kadi. Kile kinaonyesha umelipa kiasi gani tu, hakionyeshi umenunua nini, na mkaguzi anataka ile yenye vitu vimeorodheshwa. Ukilipa kwa kadi unapewa vyote viwili mara nyingi, na watu wanatupa kile kirefu wanabaki na kifupi kwa sababu kina neno la kadi wanaona ndo ushahidi. Pili, risiti imefifia. Karatasi nyingi za risiti hazina wino, maandishi yanatokea kwa joto, kwa hiyo zikikaa juani kwenye dashibodi ya gari au ndani ya pochi ya plastiki kwa wiki tatu zinabaki nyeupe au zote zinakuwa nyeusi. Nilishaletewa risiti ambayo ukiigeuza kwenye mwanga unaona namba moja tu ya mwisho, na huyo mtu pesa yake aliitoa kweli mfukoni, iliniuma. Mwambie mtu aipige picha siku ile ile aliyonunua, karatasi nzima kutoka jina la duka hadi jumla, ikiwa imelala mezani.

Kwa hiyo kwa gharama usitaje tarehe moja. Sema ukileta mpaka tarehe 15 tutakuwa na muda wa kukurudishia urekebishe na ulipwe mwezi huu, ukileta kati ya 16 na 20 tutaipokea lakini ikiwa na kasoro itaenda mwezi ujao. Watu wakijua hivyo wanachagua wenyewe.

Wametuma kwa wakati ila wamenuna

Hii nayo ni shida, maana mtu aliyenuna leo hatakwambia kesho kwamba mfumo umemkatalia. Rudi usome ule ujumbe wangu wa kwanza. "Mnakumbushwa kwa mara nyingine" ina maana nyie wagumu wa kuelewa. "Atakayechelewa asimlaumu mtu" ni kitisho, na mbaya zaidi hakisemi nini kitatokea. Mtu anabaki anajiuliza, silipwi mshahara wote au silipwi masaa ya ziada tu? Andika matokeo yenyewe kama yalivyo, na hakikisha ni ya kweli, kama kwenu anayechelewa analipwa mshahara wa kawaida na masaa ya ziada yanasogea mwezi unaofuata basi sema hivyo hivyo, usiandike "hatalipwa" kwa sababu masaa aliyofanya ni yake hata kama karatasi imechelewa. Na taja sababu ya ile saa, watu wazima wakipewa sababu hawahitaji kutishwa.

Huu ndo niliotuma mwezi uliofuata, na naomba uuchukue ubadilishe tarehe tu:

"Habari zenu. Taimshiti za mwezi huu tunapokea mpaka Ijumaa tarehe 20 saa kumi jioni (kwenye mfumo ni 16:00). Masaa ni mpaka tarehe 18. Ukishatuma utaona namba ya kumbukumbu, kama hujaiona fomu bado iko kwako, shuka chini kabisa ubonyeze `Submit`. Tumeweka saa hiyo kwa sababu supavaiza wanazipitia mpaka Jumatatu mchana, na faili la malipo linaenda benki Jumanne asubuhi. Itakayofika baadaye masaa ya ziada yatalipwa mwezi ujao, mshahara wa kawaida hauguswi. Ukikwama au ukiona hutakuwa na mtandao siku hiyo niambie kabla ya Alhamisi jioni, nitakusaidia kuiingiza. Asanteni."

Ile sentensi ya kukwama usiitoe. Watu wawili waliniandikia Alhamisi, mmoja alikuwa anasafiri na mwingine nenosiri lilimgomea, wote tuliwamalizia siku hiyo hiyo.

Ijumaa saa kumi jioni zilibaki 3. Mbili zilikuwa `Draft` kwa kosa lile lile la namba ya mradi, nikawapigia zikaingia ndani ya robo saa, na moja ilikuwa ya mtu aliyelazwa, hiyo supavaiza wake aliijaza kutoka kwenye daftari la zamu. Lile tatizo la namba ya mradi nimeshamwomba fundi ayashushe yale maandishi mekundu yakae karibu na `Submit`, bado nasubiri.